Mama mkwe anataka paka aondoke, nami nina mimba ya wiki 14

Mama Mkunga, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, naishi Tanga na mume wangu na mama yake mzazi. Nina mimba ya wiki 14. Hii ni ya pili. Ya kwanza ilitoka mwaka jana ikiwa na wiki 9 na hakuna aliyenieleza sababu.

Safari hii mume wangu alisema tusibahatishe. Nikiwa na wiki 11 tulikwenda maabara ya binafsi nikapimwa vipimo vingi kwa mpigo. Karatasi ikarudi imeandikwa Toxo IgG POSITIVE, Toxo IgM POSITIVE. Kijana wa maabara akaniambia, "Dada, una ugonjwa wa paka." Hakuongeza neno, na mimi nikashindwa kuuliza.

Tuna paka, Shani. Ana miaka 6. Alikuwa wa marehemu bibi yangu, na bibi alipokuwa anaumwa ndiye aliyelala miguuni pake mpaka siku ya mwisho. Nilipoolewa nilikuja naye kwenye kikapu. Analala chumbani kwetu, anajisaidia kwenye beseni la mchanga uani, na mimi ndiye ninayelisafisha, mara moja kwa wiki au nikisikia harufu. Anakula vichwa vya samaki vya kuchemsha, na nikiwa nakata nyama namrushia vipande. Usiku anatoka, wakati mwingine anarudi na panya.

Mama mkwe alipoisikia ile karatasi alisema maneno ambayo hayanitoki: "Paka huyo ndiye aliyemla mjukuu wangu wa kwanza." Mume wangu hakumjibu mama yake. Usiku akaniambia Shani awe ameondoka kabla ya mwezi kwisha, la sivyo atamtia kwenye gunia ampeleke sokoni mwenyewe. Rafiki yangu naye, anayeuza duka la dawa, amenivuta pembeni na kuniambia mtoto wa namna hii huzaliwa kipofu au na kichwa kikubwa, kwa hiyo ni afadhali niitoe mapema kuliko kuja kuteseka.

Ninauza sambusa na kababu kila jioni. Kima nakitengeneza mwenyewe, cha ng'ombe, na siku nikipata cha mbuzi. Siku hizi naweka viungo huku nalia, nikionja chumvi machozi yanadondokea humo humo kwenye bakuli. Nimeshindwa hata kwenda kliniki, naogopa nitakayoambiwa.

Je, mwanangu ameshaharibika? Shani ndiye aliyenitoa mimba ya kwanza? Na nikimtoa, nitakuwa nimemwokoa huyu wa pili?

Mwenye Shani, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa mimba iliyotoka, na pole kwa kuibeba karatasi hiyo peke yako wiki tatu nzima.

Tuanze na karatasi, maana ndiyo iliyowasha moto wote huu nyumbani kwenu, na haikusema yale mliyoyasikia. Kipimo ulichofanyiwa hakimtafuti kimelea, kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili wako uliziweka ulipopambana naye. Kimelea chenyewe kinaitwa Toksoplazma. IgG ni alama ya kudumu: hujitokeza wiki chache baada ya kuambukizwa na hubaki maisha yote. Kuwa nayo maana yake ni kwamba uliwahi kukutana na Toksoplazma, labda mwezi uliopita, labda ukiwa na miaka 8 ukichezea mchanga kwa bibi. Wenzako wengi wanaopanga foleni kliniki wanayo na hawajui. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa mara nyingi hasikii kitu, au huvimba tezi za shingo na kuchoka kidogo, akadhani ni mafua.

IgM ndiyo iliyowatisha. Vitabu husema ni alama ya maambukizi mapya, na ni kweli kwamba hutangulia kutokea. Tatizo ni kwamba haina haraka ya kuondoka. Kwa wengi hupungua baada ya miezi michache, lakini wapo wanaokaa nayo mwaka mzima na zaidi huku vita vyenyewe vilikwisha zamani. Tena baadhi ya vipimo huisoma ipo wakati haipo. Hilo lilileta madhara ya kutosha hata mwaka 1997 mamlaka ya dawa ya Marekani ikawaandikia madaktari kuwaonya wasimhukumu mjamzito kwa IgM peke yake.

Kwa hiyo swali lako la kwanza linageuka kidogo. Kuambukizwa umeshaambukizwa. Linalotakiwa kujulikana ni lini: kabla hujabeba mimba hii, au baada? Kama ni kabla, na kinga ya mwili wako ni nzima, kingamwili zako ndizo zinazomlinda mtoto, na karatasi iliyowatisha inageuka kuwa habari njema. Kama ni baada, tuna kazi ya kufanya, na nitakueleza ni kazi gani. Nakuuliza pia kama kadi yako ya kliniki ina kipimo cha VVU. Sikuulizi kwa kukushuku. Nauliza kwa sababu kinga ikishuka sana maambukizi ya zamani yanaweza kuamka, na daktari atayasoma majibu yako kwa jicho jingine.

Kuna kipimo kinachosaidia kujua ni lini. Kinaitwa aviditi ya IgG. Kingamwili zikiwa changa humshika kimelea kwa ulegevu, kadiri miezi inavyokwenda zinajifunza kumng'ang'ania. Maabara hupima ule mshiko. Ukiwa mkali, maana yake maambukizi yana umri wa miezi 4 au zaidi, tuseme wiki 16. Sasa hesabu na mimi. Damu yako ilitolewa wiki ya 11. Mshiko ukionekana mkali kwenye damu ile ile, ukirudi nyuma wiki 16 unafika wiki 5 kabla hata ya hedhi yako ya mwisho, wakati mimba hii haipo. Ukitoa damu upya wiki ijayo, wiki ya 15, unarudi nyuma na kufika wiki moja kabla ya hedhi ile. Bado uko salama. Lakini ukiendelea kuogopa kliniki mpaka wiki ya 24, majibu yale yale mazuri yatakurudisha wiki ya 8 tu, na tutakuwa hatuwezi tena kusema kwa uhakika kwamba mtoto hakuwemo. Nimeandika hesabu yote hii kwa sababu ndiyo inayonifanya nikusihi uende sasa. Ukifika, muulize daktari mambo mawili: kama maabara ile bado imehifadhi damu yako kwenye friza, na kama sampuli yako inaweza kupelekwa kwenye maabara kubwa inayofanya aviditi, maana nyingi za mitaani hazina.

Majibu yakija kwamba mshiko ni dhaifu, usianguke. Kuna wanawake ambao mshiko wao hubaki dhaifu muda mrefu kuliko miezi 4, kwa hiyo udhaifu peke yake hauthibitishi kuwa maambukizi ni mapya. Hapo hutolewa damu ya pili baada ya wiki 2 au 3, na zile sampuli mbili hupimwa pamoja, siku moja, kwa mashine moja, kuona kama kiwango cha IgG kinapanda. Kikiwa kimetulia, maambukizi yanaelekea kuwa ya zamani kidogo. Kikipanda kwa kasi, tunayachukulia kuwa mapya. Ukipima moja huku na nyingine kule, tofauti ya mashine itakudanganya.

Na kama ni mapya? Hapa rafiki yako wa duka la dawa amechukua habari ya kweli akaikata nusu. Huko Lyon, Ufaransa, wajawazito wasio na kingamwili hupimwa kila mwezi, na mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya wanawake 603 waliothibitika kuambukizwa wakiwa wajawazito, wengi wao wakiwa wametibiwa. Aliyeambukizwa wiki ya 13 kimelea kilivuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto kwa wanawake kama 6 katika 100. Aliyeambukizwa wiki ya 36 kilivuka kwa kama 72 katika 100. Lakini ukali unakwenda kinyume: katika watoto wachache waliofikiwa mapema, zaidi ya nusu, kama 61 katika 100, walikuja kuonyesha dalili, na katika wale wengi waliofikiwa mwishoni ni kama 9 tu katika 100. Ukizidisha namba hizo kwa mama wa wiki ya 13, unapata watoto kama 4 katika 100 wenye dalili. Na dalili si lazima upofu wala kichwa kujaa maji. Mara nyingi ni kovu dogo nyuma ya jicho, linaloonekana daktari akilimulika.

Wanne katika mia si wachache kwa mama ambaye mmoja wao ni wake, najua. Ila ni mbali sana na uliyoambiwa pembeni ya duka. Madaktari wa Kalifonia waliwahi kuwafuatilia wajawazito walioletwa na karatasi ya IgM kama yako. Walipopimwa upya kwa makini, wengi hawakuwa na maambukizi mapya, na idadi ya waliotoa mimba ikapungua. Sikuamulii jambo lolote la mwili wako. Ninachosema ni kwamba karatasi uliyonayo haijafika mahali pa kubeba uamuzi wa namna hiyo, na kuutekeleza kwa vidonge vya kuchukuliwa kimyakimya kunaweza kukuondoa wewe mwenyewe.

Maambukizi yakionekana ni mapya, daktari anaweza kukuanzishia spiramaisini, dawa inayokusanyika kwenye kondo la nyuma, kwa matumaini ya kumzuia kimelea asivuke. Wataalamu bado wanabishana inasaidia kiasi gani, na upatikanaji wake kwetu si wa kila duka, ila mjamzito anaivumilia vizuri. Kuanzia wiki ya 18, na iwe zimepita wiki 4 tangu maambukizi, yanaweza kuchotwa maji ya chupa kwa sindano na kupimwa kwa PCR kama kimelea kimemfikia mtoto. Sindano hiyo ina hatari yake ndogo ya kutoa mimba, ndiyo maana haichomwi kwa ajili ya IgM ambayo haijathibitishwa. Kimelea kikipatikana, dawa hubadilishwa kuwa pirimethamini na sulfadiazini pamoja na asidi ya folini, na altrasaundi hurudiwa kuangalia kichwa na ini la mtoto. Na jambo moja la hapa kwetu: zile SP unazopewa kliniki ni jamaa wa dawa hizo, lakini dozi yake ni ya kuzuia malaria. Zimeze kama unavyoelekezwa, ila usizihesabu kuwa tiba ya Toksoplazma, wala mtu asikuongezee vidonge kwa kubahatisha.

Sasa tuje kwa Shani.

Kijana wa maabara aliposema "ugonjwa wa paka" hakusema uongo. Toksoplazma anaishi ndani ya mnyama karibu yeyote mwenye damu moto, kuku, mbuzi, panya, mimi na wewe, lakini kwenye utumbo wa paka na jamaa zake tu ndiko anakopata dume na jike na kutaga. Kwa miaka mingi haikujulikana kwa nini paka peke yake. Mwaka 2019 watafiti wa Wisconsin walionyesha kwamba utumbo wa paka hauna kimeng'enya fulani cha kubadilisha mafuta, kwa hiyo aina moja ya mafuta hujaa humo, na wingi huo ndio unaomwambia kimelea kwamba amefika nyumbani. Panya aliyeliwa na Shani, mwenye kimelea ndani ya nyama yake, ndiye anayempelekea. Siku chache baadaye paka huanza kutoa mayai kwenye kinyesi, kwa mamilioni, wiki moja mpaka mbili. Kisha mwili wake unajenga kinga na mayai yanakoma, kwa kawaida kwa maisha yake yote.

Hapo ndipo umri wa Shani unapokuwa na maana. Paka wengi huambukizwa wakiwa wadogo, miezi ile wanapoanza kuwinda. Shani ana miaka 6 na anajua panya siku nyingi. Upo uwezekano mkubwa kwamba wiki zake mbili alizimaliza zamani, labda miguuni pa bibi yako. Siwezi kukuapia, lakini nikiambiwa nichague kati ya paka wa miaka 6 na mtoto wa paka wa miezi 4 aliyeokotwa jana barazani, wa kumwogopa ni yule mchanga.

Mayai yenyewe yakitoka hayana nguvu ya kumwambukiza mtu. Yanahitaji kukaa kwenye hewa na unyevu siku 1 mpaka 5 ndipo yakomae. Mwanangu, umeandika unasafisha beseni mara moja kwa wiki. Ukimtafuta mkosaji nyumbani kwenu, litazame beseni hilo kabla hujamtazama Shani. Kinyesi kikitolewa kila siku, mayai yanatoka hayajaiva. Kikikaa wiki, kila kitu kimeiva, na unakichota wewe mwenye mimba. Kuanzia leo kazi hiyo si yako. Aifanye mumeo, kila asubuhi, kisha beseni limwagiwe maji yanayochemka. Jiki na klorini haziyaui mayai haya, maji yanayochemka yanayaua. Akimaliza anawe mikono kwa sabuni. Manyoya ya Shani si ya kuogopwa kama wanavyodhani: mayai hayaivi mwilini mwake kwa sababu anajilamba kutwa. Kumpapasa hakukudhuru, ukinawa kabla ya kula.

Na tuseme ameondoka, yuko sokoni kwenye gunia. Paka wa jirani wataacha kuja kuchimba uani kwenu? Mayai yaliyoiva huweza kukaa kwenye udongo wenye unyevu mwaka na zaidi. Bustani ya mchicha, lundo la mchanga wa ujenzi, maji ya kisima yasiyochemshwa, vyote vitabaki hapo Shani awepo asiwepo. Kuku wa kienyeji wanaodonoa chini hupata kimelea kwa njia hiyo, hata watafiti wakitaka kujua udongo wa mahali umechafuka kiasi gani huwapima kuku wa hapo.

Lakini kuna njia nyingine ambayo barua yako iliipita mbio, nami ikanisimamisha. Umeandika unaonja chumvi.

Nimewaona dada zangu na mama zangu wakifanya hivyo maisha yangu yote. Kima kibichi kimeshachanganywa na tangawizi, thumu na bizari, ncha ya kidole inachovya, inagusa ulimi, "bado ndimu". Hakuna anayehesabu kwamba amekula nyama mbichi. Sikiliza kilichomo. Kimelea akimwingia mbuzi, kwanza huzaliana mbio mbio akisambaa na damu. Kinga ya mbuzi ikimkaba, hubadilika. Anapunguza mwendo, anajificha ndani ya seli ya msuli au ya ubongo, anajijengea kifuko chenye ukuta mwembamba, na humo wanabaki mamia ya vimelea wametulia kwa miaka. Kifuko hakionekani kwa macho, ni kidogo kuliko unga unaobaki kwenye chekecheo. Mbuzi anaonekana mzima, mkaguzi wa machinjioni anampitisha kwa haki kabisa. Kifuko kikifika tumboni mwako, asidi ya tumbo inayeyusha ukuta wake, lakini walio ndani wameumbwa kuvumilia asidi hiyo kuliko wale wa mbio. Wanaingia utumboni, wanarudia mwendo wao wa kwanza. Ndivyo panya anavyompa paka, na ndivyo mbuzi anavyompa mpishi.

Nyama haiko sawa yote. Mbuzi, kondoo, nguruwe na kuku wa kienyeji ndio wenye vifuko zaidi. Kwa ng'ombe ni nadra. Kwa hiyo siku zako za kima cha mbuzi ndizo zinazonitia wasiwasi. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa miji sita ya Ulaya uliowalinganisha wajawazito walioambukizwa na wasioambukizwa. Nyama isiyoiva ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya lawama, kati ya 30 na 63 katika 100 kulingana na mji. Udongo ulifuata, kati ya 6 na 17. Kuishi na paka hakukuonekana kuwa hatari ya peke yake. Jikoni kwa Mtanga si jikoni kwa Mtaliano, sisi nyama ya mchuzi tunaichemsha mpaka inaachana na mfupa, na hiyo ni salama kabisa. Mwanya wetu uko kwenye kuonja, kwenye mshikaki wa mbuzi uliobabuka nje na ndani bado mwekundu, na kwenye kisu kilichokata nyama kikahamia kwenye kachumbari bila kuoshwa.

Huna haja ya kuacha biashara. Joto la nyuzi 67 likifika katikati ya nyama, vifuko vimekufa. Huna kipimajoto, basi pasua kababu: ndani kusiwe na wekundu hata kidogo na maji yake yawe meupe. Ukitaka kuonja, kaanga kijiko kimoja cha kima kwanza mpaka kiive, kisha onja hicho. Inakuchelewesha dakika tatu. Friza inayogandisha barabara kwa siku kadhaa nayo huua vifuko, ila kwa umeme wetu wa kukatika nisingeitegemea. Na Shani asirushiwe tena nyama mbichi, kwa sababu ile ile.

Mimba ya kwanza. Hakuna atakayeweza kukuambia leo kwa uhakika kwa nini ilitoka. Mimba zinazotoka kabla ya wiki 12 ni nyingi, zaidi ya moja katika kila kumi zinazojulikana, na sababu inayoongoza ni mtoto kuanza na kromosomu zenye kasoro, jambo ambalo si kosa la mama, wala paka, wala mtu. Maambukizi mapya ya Toksoplazma katika wiki za mwanzo yanaweza kutoa mimba, kwa hiyo siwezi kusema haiwezekani. Lakini ona maneno ya mama mkwe wako yanaishia wapi: kama kweli ni kimelea kilichoichukua ile ya kwanza, basi uliambukizwa mwaka jana, kingamwili zako zina umri wa kutosha, na huyu wa pili amekuja amekuta mlango umefungwa. Kwa hesabu yoyote ile, kumfukuza Shani leo hakubadilishi chochote katika kilichotokea.

Nadhani mama mkwe anajua alichokipoteza kuliko anavyojua habari za paka. Alikuwa na mjukuu, akaenda, na hakuna aliyempa mahali pa kuliweka lile jambo. Paka anayelala chumbani kwa mkamwana amempa mahali. Huenda usimshinde kwa hoja. Jaribu kumwambia, siku mmetulia, kwamba na wewe unamlilia yule mtoto. Inawezekana hamjawahi kulia pamoja.

Kuhusu mumeo, nisingependa umpelekee maneno yangu kama hukumu. Mchukue muende naye kliniki, amsikie daktari kwa masikio yake, maana yeye ndiye aliyetaka vipimo na anastahili kuelezwa majibu. Kisha mtaona wenyewe. Mnaweza kumbakiza Shani, asilale chumbani, alishwe vilivyopikwa, beseni lisafishwe kila asubuhi na mikono isiyo yako. Hatari yake ni kwamba kazi hiyo ikilegea wiki ya tatu itakurudia wewe. Mnaweza kumpeleka kwa ndugu mpaka ujifungue. Hatari yake ni paka mzima kupotea akitafuta njia ya kurudi, na ninyi kudhani mmemaliza huku kima kikiendelea kuonjwa. Mkikubaliana aende moja kwa moja, aende kwa mtu anayemtaka, si kwenye gunia. Unajua mwenyewe, kwa dini na kwa mila za pwani, paka hatupwi hivyo. Na ukiona kwamba amani ya nyumba kwa miezi sita hii ina thamani kwako kuliko kuwa naye karibu, hilo nalo ni neno la kweli, wala hutakuwa umemsaliti bibi.

Mtoto akizaliwa, na kama suala la lini bado halijafungwa, mwambie mkunga wa zamu mapema ili mtoto naye atolewe damu na macho yake yaangaliwe. Mtoto huzaliwa na IgG ya mama yake, kwa hiyo usishtuke akionekana "positive" siku ya kwanza. Isiyokuwa yake hupungua na kwisha ndani ya mwaka.

Jumatatu nenda na karatasi yako. Andika nyuma yake tarehe ya hedhi ya mwisho na tarehe uliyotoa damu, ndizo namba mbili daktari atakazozihitaji kwanza. Majibu ya aviditi yakitoka, mshiko uwe mkali au dhaifu, niandikie.